Kanzu na kigoda: kupokea, kuandika namba na kuhifadhi nguo kuukuu na vitu vya mbao katika makumbusho madogo

Tuseme familia moja kutoka upande wa Mumias imekuja na sanduku la bati. Ndani mna kanzu ya babu yao, ya pamba, shingo imedariziwa kwa uzi mwekundu. Chini yake kuna kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kutoka gogo moja. Kanzu imekunjwa vilevile kwa miaka na kila mkunjo umegeuka rangi ya chai. Kigoda kinang'aa kwa kukaliwa, lakini kikinyanyuliwa, unga mweupe unadondoka mezani. Mama aliyekileta anasema, "Nilitaka niifue hiyo kanzu kwanza, nikachelewa gari." Heri alichelewa.

Mwongozo huu unavifuata vitu hivyo viwili kuanzia mlangoni hadi kwenye rafu. Nimevichagua kwa sababu kati yao vina karibu kila tatizo utakalokutana nalo ukitunza makumbusho ya jamii huku kwetu, na vyote viwili huharibiwa zaidi na watu wenye nia njema kuliko na wezi.

Mlangoni

Kitu kipya hakiingii stoo siku kinapofika, hata kama kimetoka kwa chifu au mchungaji. Tafuta mahali pa kukitenga: chumba kidogo, au hata kabati la ofisi lililo mbali na stoo. Sanduku la bati lenyewe pia litengwe, kwa kuwa mayai ya wadudu hukaa kwenye pembe na kutu huchafua nguo.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kitu kilivyo ndani ya sanduku, kisha uandike maelezo ya aliyeleta akiwa bado amekaa mbele yako: ni zawadi au ni amana, kilikuwa cha nani, kilitumika wapi, nani wengine wa ukoo wana haki nacho. Aweke sahihi, nawe uweke, kila mmoja abaki na nakala. Ukisubiri kesho utabaki na kanzu isiyo na mwenyewe.

Sasa unga ule. Safisha kigoda kwa brashi laini ya rangi, ukifagia unga wote uliomo kwenye matundu na chini ya kikalio. Kisha kikalishe juu ya karatasi nyeusi, ukitie chote pamoja na karatasi ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni angavu, uufunge. Baada ya wiki moja au mbili tazama karatasi. Usipopiga brashi kwanza, utaona unga wa zamani uliotikiswa tu safarini na utadhani wadudu wako hai.

Unga wenyewe unaeleza mengi. Ukiwa laini kama poda ya mtoto, na matundu ni ya milimita moja au mbili, hao ni mbawakavu wabunguao mbao, ambao funza wao hula ndani kwa ndani. Ukiona chembe ngumu zenye umbo la mbegu ndogo, karibu zote saizi moja, hao ni mchwa wa mbao kavu. Udongo uliojengwa kama mfereji ni mchwa wa ardhini, na hapo tatizo liko kwenye ukuta au sakafu ulikotoka kigoda, si ndani yake pekee. Tazama pia ukingo wa tundu. Tundu jipya lina ukingo mkali na mbao ya ndani ni nyeupe. Tundu la zamani limeshaingia vumbi na rangi yake ni ile ya kigoda.

Kanzu itandaze juu ya shuka jeupe safi mezani. Fungua mikunjo taratibu na utazame kwapa, kola, pindo na mishono, maana wadudu hupenda palipoingia jasho, chakula au wanga wa kupigia pasi. Nondo wa nguo hawana haja na pamba safi. Wanatafuta sufu, hariri, manyoya na ngozi, kwa hiyo angalia hasa ile darizi nyekundu. Ikiwa ni hariri, ndiyo itakayoliwa kwanza, na utakuta nyuzi za utando na vijichembe vidogo kama mchanga. Ukikuta magamba ya hudhurungi yenye vinyweleo, hayo yameachwa na funza wa mbawakavu wa zulia.

Mikono

Nawa kwa sabuni, ukaushe kabisa, vua pete, saa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Usijipake mafuta asubuhi hiyo. Kwa nguo, mikono mikavu inatosha. Kwa mbao iliyong'aa usivae glavu za pamba, kwa sababu huteleza na nyuzi zake hukwama kwenye nyufa. Lakini kama aliyeleta amekuambia kitu kiliwahi kupuliziwa dawa, au kina harufu kali ya nafthalini, vaa glavu za mpira na barakoa, na ukiandike hivyo kwenye rekodi ili mwenzako wa baadaye ajue.

Nguo kuukuu haibebwi kwa mabega. Uzito wake wenyewe unaichana. Ilaze juu ya kipande cha mbao nyembamba kilichofunikwa shuka, ubebe mbao. Kigoda kishike kwa mikono miwili chini ya kikalio. Mguu na ukingo ndivyo vilivyochakaa zaidi, na ndivyo kila mgeni anavyokimbilia kushika. Kabla ya kunyanyua, jua unakwenda kukiweka wapi, na mlango uwe wazi tayari.

Friza badala ya dawa

Karatasi nyeusi ikionyesha unga mpya, wengi hukimbilia dawa ya kupuliza, jua kali, au ile oili chafu ya gari ambayo watu hupaka nguzo za ua. Dawa ya kupuliza haifiki ndani ya tundu alipo funza, lakini inabaki juu ya kitu ambacho watoto wa shule watakishika. Jua huchujisha rangi ya darizi na kupasua mbao, na joto haliingii kwa usawa hadi katikati ya kigoda. Oili haitoki tena maishani.

Baridi hufanya kazi nzuri kuliko hayo yote, na friza ya kawaida ya sanduku inatosha, mradi ifike nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri. Usiamini kitufe cha friza. Weka kipimajoto ndani. Friza ya kuhifadhia samaki haifai, hata kama jirani anakukopesha kwa roho safi, kwa sababu ya harufu na unyevu.

Washa friza siku moja mapema ili iwe baridi kabisa. Wadudu wakipozwa polepole wengine huzoea, ilhali baridi ya ghafla huwaua. Funga kigoda kwa kitambaa cha pamba, kitie ndani ya mfuko mzito wa nailoni, usukume hewa itoke kwa mikono, uufunge kwa utepe wa gundi, kisha utie ndani ya mfuko wa pili. Kanzu ifanyiwe hivyo hivyo, ikiwa imekunjwa kwa ulegevu na mikunjo imejazwa kitambaa. Bandika tarehe nje ya mfuko. Acha nafasi kati ya mifuko ili hewa baridi ipite.

Hesabu wiki mbili kuanzia kipimajoto kilipofika nyuzi 18 chini ya sifuri. Stima ikipotea muda mrefu na kipimajoto kikapanda, hesabu inaanza upya siku friza inaporudi baridi. Hili linaudhi, hasa msimu wa mvua, lakini hakuna njia ya kulizunguka.

Ukitoa mfuko, usiufungue. Kitu kikiwa bado baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone, na unataka matone hayo yawe nje ya nailoni, si juu ya mbao. Kanzu iachwe siku nzima, kigoda siku mbili. Usikunje wala kubonyeza nguo iliyoganda, kwa sababu nyuzi zinakuwa ngumu na hukatika. Kisha kigoda kirudi juu ya karatasi nyeusi mpya kwa wiki chache zaidi. Hapo ndipo utajua.

Si kila kitu kinaingia friza. Kigoda chetu ni cha gogo moja, kwa hiyo hakina pa kuvutana. Lakini kigoda chenye shanga zilizopachikwa kwenye mbao, ngoma yenye ngozi iliyowambwa, nyatiti, kitu kilichopakwa rangi nzito, kilichounganishwa kwa gundi, au chenye pembe za ndovu na meno ya kiboko, kisiingie. Mbao, ngozi, gundi na shanga hujikunja kwa viwango tofauti kwenye baridi na hupasuka zinapoungana. Vitu hivyo vifungwe kwenye mfuko angavu juu ya karatasi nyeusi, vitazamwe kila wiki, na uulize mafundi wa hifadhi wa Makumbusho ya Taifa kupitia tawi lililo karibu nawe, kama Kisumu au Kitale.

Kusafisha, au kutosafisha

Kanzu haifuliwi. Uzi mwekundu unaweza kuchuja na kuingia kwenye pamba kwa dakika chache, na pamba iliyozeeka hukatika inapoloa kwa sababu maji huiongezea uzito. Haipigwi pasi pia: joto huzidi kuichakaza na kukaza madoa. Madoa ya jasho kwenye kola yabaki. Yanaonyesha ilivaliwa.

Vumbi tu ndilo linalotolewa. Kama una mashine ya kuvuta vumbi, ipunguze nguvu hadi chini kabisa, funika mdomo wake kwa wavu wa nailoni ulioshonwa kando, na uuinue mdomo usiguse nguo. Usitumie chandarua cha kliniki, kwa kuwa vile vya siku hizi vina dawa ya mbu. Bila mashine, brashi laini na subira.

Kigoda nacho kisipakwe mafuta ya kupikia, mafuta ya kitani wala polishi ya viatu. Mng'ao wake ni moshi wa jikoni, mafuta ya mikono na miaka ya kukaliwa, na ndio sehemu ya kigoda ambayo fundi hawezi kuichonga tena. Mafuta mapya hunata, hukusanya vumbi, hugeuka meusi. Mzee mmoja wa kamati ataona kigoda kimepauka na kuagiza kipakwe. Mwambie kwa heshima kwamba familia ndiyo iliyokifanya king'ae, nasi hatuna haki ya kuuongeza mng'ao huo.

Namba

Namba huandikwa kwenye daftari kwanza, kisha kwenye kitu. Ukianza na kitu, siku moja utakuwa na vigoda viwili vyenye namba moja. Tumia daftari lililoshonwa, kurasa zimepewa namba, wino usiofutika, na nakala ya pili itunzwe nje ya jengo. Mfumo rahisi ni mwaka, kisha zamu ya kupokelewa mwaka huo, kisha kitu. Familia yetu ikiwa ya saba kuleta vitu mwaka 2025, kanzu ni 2025.7.1 na kigoda ni 2025.7.2. Sanduku la bati, likibaki, ni 2025.7.3. Kitu chenye sehemu mbili, kama kibuyu na kifuniko chake, kinapata namba moja yenye a na b.

Kwa kanzu, kata utepe mweupe wa pamba wenye upana wa sentimita moja na urefu wa kama sita. Andika namba kwa kalamu ya wino wa kudumu usiochuja, uiache ikauke, kisha uloweshe kipande cha majaribio cha utepe huohuo uone kama wino unatoka. Wino ukitoka, tafuta kalamu nyingine. Kunja ncha za utepe ndani zisichambuke. Ushone ndani ya pindo la chini, karibu na mshono wa kushoto, na uchague sehemu hiyohiyo kwa kila vazi ili mtu asitafute kwa kugeuzageuza. Sindano iwe nyembamba na uzi uwe wa pamba. Mishono miwili mlegevu kila upande inatosha, ikipita kati ya nyuzi za kitambaa bila kuzitoboa. Kitambaa kikiwa kimeoza kiasi kwamba sindano inakichana, usishone kabisa. Namba iende kwenye kitambaa cha kufungia na kwenye sanduku, na uandike kwenye daftari kwamba vazi lenyewe halina lebo.

Kwenye kigoda kuna njia mbili. Iliyo salama kwa kila mtu ni utepe wa pamba uliofungwa kwa ulegevu kwenye mguu, wenye kibandiko cha karatasi nzito iliyoandikwa kwa penseli. Ubaya wake ni kwamba hufunguka, na mtu anaweza kubadilisha. Ya pili hudumu: namba inaandikwa kwenye mbao yenyewe, lakini juu ya utando unaoweza kutolewa. Utando huo ni resini iitwayo Paraloid B-72, gramu 20 ndani ya mililita 100 za asetoni, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, na chumba kiwe wazi bila moto wala jiko karibu. Chagua mahali chini ya kikalio, mbali na nakshi na mbali na panapogusa sakafu. Paka kipande cha sentimita mbili kwa moja. Kikauke nusu saa. Andika namba ndogo kwa wino mweusi wa kuchorea na kalamu nyembamba, au mweupe kama mbao ni nyeusi. Ikikauka, paka tabaka la pili kwa mpigo mmoja mwepesi wa brashi, usirudie, la sivyo asetoni itavuruga wino. Mbao ikiwa inamomonyoka, ina masizi yanayotoka kidoleni, au imepakwa rangi, rudi kwenye utepe.

Selotepu, korekta, rangi ya kucha, stepla, pini na kalamu ya kawaida havikaribii kitu. Rangi ya kucha inaonekana kama mbadala wa bei nafuu wa Paraloid, lakini hugeuka manjano, hupasuka, na hubanduka pamoja na namba.

Kuilaza kanzu

Marikani ndicho kitambaa muhimu kuliko vyote katika stoo, na kinauzwa kila soko. Kifue kwa maji moto mara mbili au tatu bila kulainishia ili wanga wa kiwandani utoke, ukianike, ukikate vipande. Marikani mabichi yenye wanga ni chakula cha wadudu.

Kanzu ikiwezekana ilazwe nzima bila kukunjwa. Mara nyingi rafu haitoshi, kwa hiyo ikunje mara moja au mbili, lakini kila mkunjo uingizwe mto mwembamba uliotengenezwa kwa marikani yaliyosokotwa, ili uwe duara badala ya ukingo. Ingiza mto mwepesi pia ndani ya mikono na chini ya darizi ya shingo. Ile mikunjo ya rangi ya chai isirudiwe: kunja pembeni yake. Mara moja kwa mwaka fungua na ubadilishe mahali pa kukunja.

Leso au shuka bapa lisilo na darizi hukunjwa vibaya na kuviringwa vizuri. Tumia bomba la karatasi gumu lenye kipenyo cha sentimita saba au zaidi, lililofunikwa karatasi ya aluminiamu kisha marikani, uviringe kufuata nyuzi za wima bila kukaza. Hanga ya waya haina kazi humu ndani.

Sanduku la plastiki ni zuri kuliko katoni ya dukani, ambayo asidi yake hupaka nguo manjano. Geuza sanduku utazame pembetatu chini yake. Namba 5 au 2 inafaa. Namba 3 iache, hutoa mvuke unaodhuru. Tandika marikani, laza kanzu, funika kwa marikani, na usikaze kifuniko hadi mwisho, hasa ukiwa Kisumu ambako unyevu wa ziwa ukinaswa ndani utazaa ukungu. Namba na picha ndogo zibandikwe nje, ili mtu anayetafuta kanzu asifungue masanduku matano.

Kigoda na chumba

Kigoda kikae kwenye rafu ya chuma, sentimita kumi na tano au zaidi kutoka sakafuni, na mkono mzima upite kati yake na ukuta. Ukuta wa nje huwa na jasho. Chini yake weka povu jeupe la poliethilini lililokatwa kufuata miguu. Povu la manjano la godoro lisitumike kabisa. Baada ya miaka michache hugeuka unga unaonata kwenye mbao. Kifunike kwa mfuko mlegevu wa marikani. Kisibebeshwe kigoda kingine.

Chumba bora ni cha katikati ya jengo, chenye dari, kisicho chini ya mabati matupu. Nunua kipimaunyevu kidogo cha dijitali na uandike kinachosema asubuhi na mchana. Kikipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unakuja. Fungua madirisha mchana hewa inapokuwa kavu, uyafunge kabla ya mvua ya jioni. Nakuru, iliyo mita mia kadhaa juu kuliko Kisumu, taabu kubwa huwa ni vumbi na nyufa za mbao msimu wa kiangazi. Hapo usilete maji chumbani kwa haraka ya kuongeza unyevu. Mbao huumia zaidi kwa mabadiliko ya ghafla kuliko kwa ukavu uliozoeleka.

Walio kando ya ziwa wana jambo jingine. Vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kwa mawingu hufuata taa, hufa kwa marundo dirishani, na mizoga yake ndiyo chakula cha funza wa zulia. Zima taa za nje jirani na stoo jioni, ziba nyufa za madirisha kwa wavu, ufagie asubuhi ileile.

Weka mitego ya gundi kwenye pembe za chumba na kando ya mlango, tarehe imeandikwa, ibadilishwe kila miezi mitatu. Mtego hauui wadudu wote, kazi yake ni kukuambia nani ameingia na kwa upande gani. Mbawakavu mmoja wa zulia kwenye mtego wa mlangoni ni habari ya kawaida. Watatu kwenye mtego ulio chini ya rafu ya kanzu ni sababu ya kuvuta sanduku, kulibeba hadi chumba cha kutengea, na kuanza tena na shuka jeupe.